Viza ya Schengen: ulipe ubalozini, kituoni au kwa wakala, na nyongeza ipi ni ya haki

Ukiwauliza watu watatu waliokwenda Ulaya kutembea kwa wiki mbili walilipa kiasi gani kupata viza, utapata majibu matatu yasiyolingana, na huenda wote wanasema kweli. Mmoja alilipa ada ya viza peke yake. Wa pili alilipa ada hiyo na juu yake ada ya kituo kinachopokea maombi. Wa tatu alimkabidhi wakala pesa taslimu, akaambiwa "hiyo ndiyo yote," na mpaka leo hajui ndani ya hiyo yote ada ya serikali ilikuwa ngapi.

Viza ya Schengen, yaani ile ya muda mfupi inayokuruhusu kuingia nchi nyingi za Ulaya kwa hati moja, inafaa kupimia jambo hili kuliko hati nyingine nyingi, kwa sababu sheria yake imeandika wazi mwombaji atozwe nini na mtu wa kati anayetambuliwa aishie wapi. Sheria hiyo ni Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, namba 810 ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yaliyoanza kutumika Februari 2020. Ukishajua inavyogawa malipo, utaweza kuisoma bei ya wakala yeyote mstari kwa mstari.

Vipimo kabla ya kulinganisha

Kiasi cha pesa peke yake hakitoshi kukuambia kama umepunjwa. Euro 100 za nyongeza zinaweza kuwa za haki kwa kazi ya siku nzima, na euro 20 zikawa wizi mtupu kwa kitu kinachotolewa bure. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeipima kwa mambo manne: unalipia kazi gani hasa, pesa inaishia mkononi mwa nani na kwa risiti ya nani, maombi yakikataliwa au makaratasi yakiwa na kasoro, nani anaumia, na njia hiyo inamfaa nani.

Kuna namba chache za kushika kwanza. Tangu tarehe 11 Juni 2024, ada ya viza ya muda mfupi ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi ada ya viza. Wapo pia wanaosamehewa kwa sababu ya safari yenyewe, kama wanafunzi na walimu wanaofuatana nao kwenda masomoni au kwenye mafunzo, na watafiti wanaokwenda kufanya kazi ya kisayansi. Ada inaweza kulipwa kwa pesa ya nchi unakoombea, ila kiwango chake kinatokana na bei ya euro na hupitiwa mara kwa mara. Ndiyo maana namba iliyobandikwa ubalozini kwa pesa ya nyumbani hubadilika hata kama euro 90 haijaguswa.

Na fomu ya maombi ni bure. Nalisema mapema kwa sababu bado wapo wanaoiuza.

Njia ya kwanza: kupeleka mwenyewe ubalozini

*Unalipia kazi gani.* Unalipia uchunguzi wa maombi yako, basi. Hakuna ada ya huduma juu yake. Kujaza fomu, kupanga nyaraka, kutafuta bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 na kufuatilia miadi, yote hayo ni kazi yako.

*Pesa na risiti.* Pesa inakwenda ubalozini moja kwa moja, na sheria inataka mwombaji apewe risiti ya ada ya viza aliyolipa. Risiti hiyo itunze. Ndiyo itakayokuonyesha, siku nyingine ukimtumia mtu wa kati, namba halisi ilikuwa ngapi.

*Ikiharibika.* Ukikataliwa, ada hairudi. Hurudishwa tu ikiwa maombi hayakupaswa kupokelewa tangu mwanzo, kwa mfano uliyapeleka kwa nchi isiyohusika na safari yako au hayakutimiza masharti ya kupokelewa. Kasoro za makaratasi ni zako mwenyewe, na hakuna wa kumlaumu.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtu mwenye safari iliyonyooka: ana kazi na barua ya mwajiri, taarifa yake ya benki inaonyesha mshahara ukiingia, anakwenda nchi moja na kurudi. Tatizo ni kwamba njia hii mara nyingi haipo. Balozi nyingi zimekabidhi kazi ya kupokea maombi kwa kampuni za nje, na ukipiga simu unaelekezwa huko. Kwa hiyo kabla ya kumcheka jirani yako kwa kulipia kituo, hakikisha kwanza kama ubalozi ule unapokea watu mlangoni.

Njia ya pili: kituo cha viza kilichoteuliwa

Hizi ndizo kampuni kama VFS Global, TLScontact na BLS International, zenye mkataba na serikali husika. Wengi huchanganya kituo hiki na wakala. Ni vitu viwili tofauti.

*Unalipia kazi gani.* Kituo kinapanga miadi, kinapokea fomu na nyaraka, kinachukua picha na alama za vidole, kinapokea ada ya viza kwa niaba ya ubalozi, kinapeleka faili na kukurudishia pasipoti. Hakichunguzi maombi wala hakiamui. Mahojiano, uamuzi, kuchapa stika ya viza na kuibandika, sheria imeviacha mikononi mwa ubalozi au mamlaka kuu za nchi yake peke yao. Mfanyakazi wa kituo akikwambia "faili lako ni zuri, utapata," anakutia moyo tu.

*Pesa na risiti.* Hapa kuna ada mbili: ya viza, inayokwenda serikalini, na ya huduma, inayobaki kwa kampuni. Sheria inasema ada ya huduma iendane na gharama halisi za kazi na isizidi nusu ya ada ya viza, yaani euro 45 kwa sasa. Inaweza kupanda hadi euro 80 pale nchi husika haina ubalozi wa kupokea maombi katika nchi unakoombea na haiwakilishwi na nchi nyingine, na katika mazingira ya pekee hadi 120. Ukiona 60, basi, usianze kupiga kelele. Uliza kwanza kama nchi hiyo ina ubalozi hapo unapoombea. Jambo jingine linalowashangaza wazazi: kusamehewa ada ya viza si lazima kukusamehe ada ya huduma. Mtoto wa miaka 4 anaweza kulipa sifuri serikalini na bado akalipiwa kituoni kama watu wengine.

Panapovuja pesa zaidi ni kwenye huduma za hiari: ujumbe wa simu wa kukujulisha faili limefika wapi, kurudishiwa pasipoti nyumbani, kupigwa picha pale pale, fotokopi, chumba maalumu chenye viti vizuri, miadi nje ya saa za kazi. Hizi si haramu na nyingine zinafaa sana, hasa kama unaishi mbali na kituo na nauli ya kurudi kuchukua pasipoti ni kubwa kuliko gharama ya kuletewa. Ila ni za hiari, na zinavyotajwa dirishani huwezi kujua kirahisi. Mazungumzo huenda hivi:

"Kaka, nikuwekee na ujumbe wa simu? Halafu pasipoti utaletewa."

"Dada, hizo ni za lazima?"

"Hapana, ila wengi wanachukua."

"Basi niwekee ada ya viza na ya huduma peke yake. Na naomba risiti ioneshe kila moja kivyake."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye kazi. Risiti iliyotenganishwa ikisomeka "ada ya viza" mstari mmoja, "ada ya huduma" mstari wa pili, na chochote cha hiari mstari wake, utajua pale pale kama umelipia usichokiomba. Na chumba maalumu hakiharakishi uamuzi hata kwa siku moja: kinabadilisha utakavyosubiri kituoni, na faili likishatoka pale linakwenda na mengine.

*Ikiharibika.* Kituo kikipoteza waraka au kukuandikia jina vibaya, una pa kulalamika: kituo chenyewe, kisha ubalozi uliokiteua, ambao una wajibu wa kukisimamia. Ukikataliwa viza, ada ya viza hairudi, na ya huduma pia usiitegemee, kwa sababu kazi yao ilikwisha walipopokea faili.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu anayeweza kusoma orodha ya nyaraka na kuifuata. Mahali ambapo ubalozi haupokei maombi, hii ndiyo njia ya kawaida, na ada yake ya huduma ihesabu kama sehemu ya gharama isiyokwepeka.

Njia ya tatu: wakala binafsi

Wakala anaweza kuwa ofisi ya safari yenye leseni, mtaalamu wa uhamiaji, au kijana mwenye simu mbili anayesimama nje ya lango la kituo. Kwa bei wanaweza kulingana. Tofauti yao ni kile wanachoweza kukikubali kwa maandishi.

*Unalipia kazi gani.* Ni muhimu kujua kwanza asichoweza kukufanyia. Mwombaji wa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe kutoa alama za vidole. Watoto wa chini ya miaka 12 ndio hawachukuliwi. Alama hizo huweza kutumika tena kwa maombi ya baadaye ndani ya miezi 59. Wakala hana ruhusa ya kuzichukua, hata yule aliyeidhinishwa na ubalozi kupeleka maombi ya wateja. Kwa hiyo ukiwa mwombaji mpya, utakwenda kituoni kwa miguu yako hata kama umemlipa mtu. Unachonunua kwake ni maandalizi: kukuuliza maswali, kujaza fomu, kupanga nyaraka kwa utaratibu unaotakiwa, kukushauri barua ya mwajiri iandikwe vipi, kukuunganisha na bima na mtafsiri.

Na hiyo ni kazi ya kweli. Mtu mwenye biashara isiyo na mshahara wa mwezi, anayepokea pesa kwa njia tatu tofauti na kutumia akaunti ya familia, anahitaji mtu wa kumsaidia kueleza mzunguko ule ili ofisa asione mafumbo. Wakala mzuri atakaa naye, atapitia taarifa za benki za miezi kadhaa na kumwonyesha ingizo lisilo na maelezo. Hayo hayapatikani kituoni. Kituo kinahesabu kama waraka upo. Kama unaeleweka au la, hilo si lake.

*Pesa na risiti.* Hapa ndipo bei hupotea kwenye ukungu. Wakala hutaja namba moja, na ndani yake ada ya viza, ada ya kituo, bima, tafsiri na ujira wake vimechanganywa kama dagaa kwenye gunia. Wengine huongeza kijanja kwenye kubadilisha pesa: ada ni euro 90, wanakuambia kiasi cha pesa ya nyumbani kwa bei waliyoipanga wao, na tofauti inaingia mfukoni bila kuitwa ujira. Dawa yake ni nyepesi. Kiasi rasmi kwa pesa ya nyumbani kimetangazwa kwenye ukurasa wa ubalozi au wa kituo. Kiandike, kisha mwambie wakala aanze kuhesabu kuanzia hapo.

*Ikiharibika.* Unaumia wewe. Tamko la mwisho kwenye fomu linasainiwa na mwombaji, na anayethibitisha kwamba maelezo ni ya kweli ni yeye. Wakala akiweka nafasi ya hoteli ya kubuni au taarifa ya benki "iliyorekebishwa," atakayekataliwa kwa waraka wa uongo ni wewe, na rekodi itakaa kwa jina lako. Yeye kesho ana mteja mwingine.

Kuna kipimo kimoja kwenye fomu yenyewe ambacho watu wachache hukitumia. Fomu ina sehemu ya kuandika jina, anwani na barua pepe ya mtu aliyeijaza, ikiwa si mwombaji mwenyewe. Mwombe wakala aijaze kwa jina lake halisi. Anayejiamini kwa kazi yake ataandika bila kusita. Anayeanza kueleza kwamba "hapo huwa tunaacha wazi" amekwisha kukujibu. Na angalia sehemu ya barua pepe na simu ya mwombaji: iwe yako. Akiweka ya kwake, taarifa zote za maombi yako zitapitia kwake, na ndipo anapopata nafasi ya kukuuzia habari ambazo ungezisoma bure.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye mapato magumu kueleza, aliyewahi kukataliwa na hajaelewa sababu, familia yenye nyaraka za lugha kadhaa, au mtu asiye na muda kabisa. Ubalozi ukiwa umewaidhinisha mawakala wa kupeleka maombi, unapaswa kuutangazia umma orodha yao. Omba orodha hiyo kabla ya kuamini cheti kilichoning'inizwa ukutani.

Bei moja, ifunguliwe

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne: baba, mama, mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Tuseme kituo cha viza kinatoza euro 30 kwa kila kichwa kama ada ya huduma, na wakala amewatajia euro 760, "kila kitu ndani."

Anza na kisichojadiliwa. Ada ya viza: 90 kwa baba, 90 kwa mama, 45 kwa mtoto wa miaka 9, sifuri kwa mdogo. Jumla 225. Ada ya huduma: 30 mara wanne, 120. Familia hii ikienda yenyewe kituoni italipa 345 bila kumwona wakala. Kilichobaki kwenye bei yake ni 415, na hizo ndizo za kuulizwa.

Wakiomba mchanganuo, wanaletewa huu: kujaza fomu nne kwa 40 kila moja, 160, bima ya safari kwa wote, 95, tafsiri ya vyeti viwili vya kuzaliwa, 60, na "kuharakisha," 100. Jumla ni 415 kamili.

Bima ni ya lazima, kwa hiyo swali ni kama 95 ndiyo bei yake. Waombe hati ya bima yenye majina yao, tarehe za safari na kiasi kilicholipwa kwa kampuni. Tuseme hati inaonyesha 80. Zile 15 ni ujira wa wakala kwa kuitafuta, na kwa maoni yangu si nyingi. Anayezikataa anaweza kununua bima mwenyewe, na wakala wa kweli hatamkatalia.

Tafsiri inahitaji kuangaliwa dhidi ya orodha ya nyaraka ya ubalozi wenyewe. Nyingi hutaja lugha zinazopokelewa. Hapa, cheti kimoja tayari kiko kwa lugha inayokubalika, kwa hiyo nusu ya mstari huu haina kazi. Inabaki 30, tena kwa sharti kwamba tafsiri itoke na jina na muhuri wa mtafsiri anayetambuliwa.

Fomu nne kwa 160 ni ya kujadili. Fomu za watoto zinarudia mengi ya wazazi: anwani ile ile, tarehe zile zile, mwenyeji yule yule. Kazi kubwa iko kwenye fomu mbili za watu wazima na faili la mapato. Wakikubaliana 100 kwa familia nzima, na ndani yake wakala akapitia taarifa za benki na barua ya mwajiri, hiyo ni bei ya kazi inayoonekana. Wakikubaliana 160 kwa kazi hiyo hiyo, nisingeiita dhuluma. Wangekuwa wamepatana vibaya kidogo, basi.

Kuharakisha kwa 100 kunatoka kabisa. Muda wa kawaida wa uamuzi ni siku 15 za kalenda tangu maombi yanayokubalika yapokelewe, na ubalozi unaweza kuurefusha hadi 45 ukihitaji kuchunguza zaidi. Siku hizo zinahesabiwa na ubalozi, na wakala hana cha kuuza hapo. Kama pesa hiyo inabaki kwake, amekuuzia hewa. Kama kweli inamfikia mtu ndani, hiyo ni rushwa, na wewe ndiye mtoaji.

Baada ya hesabu hiyo, bei imeshuka kutoka 760 hadi 570: 345 rasmi, 95 bima, 30 tafsiri, 100 ujira. Wakala bado amepata riziki yake, na familia inajua kila euro imekwenda wapi.

Mstari mgumu: kuuziwa miadi

Kuna malipo ambayo watu hubishana juu yake kwa dhati, nayo ni ya kutafutiwa miadi. Sheria inataka miadi, kwa kawaida, iwe ndani ya wiki mbili tangu kuombwa. Wakati wa msimu wa safari unaweza kufungua kalenda ya kituo ukakuta wiki nzima imefungwa, halafu jioni ile ile mtu anakutumia ujumbe kwamba anazo nafasi tatu za Jumanne.

Hapa natenganisha mambo mawili. Mtu anayekaa macho usiku akifungua kalenda kwa jina lako na namba ya pasipoti yako, mpaka nafasi ya mtu aliyeghairi itokee, anakuuzia muda wake. Unaweza kuuona ujira ule mkubwa, lakini kazi imefanyika. Aliyejaza nafasi zote mapema kwa majina ya bandia ili aje kuzibadilisha kuwa majina ya wanunuzi, huyo ndiye aliyeifunga kalenda unayolia kwamba imefungwa. Utawajua hivi: wa kwanza anataka taarifa zako kabla ya kupata nafasi, na hawezi kukuahidi siku. Wa pili anazo siku tayari na anakuuliza unataka ipi. Zaidi ya dhuluma, ipo hatari: miadi iliyohamishwa jina inaweza kufutwa, na ukafika mlangoni ukaambiwa humo kwenye orodha.

Usichanganye hili na kituo chenyewe kudai ada ya huduma ilipwe mapema ndipo miadi ithibitishwe. Vituo vingine hufanya hivyo ili watu wasishike nafasi wasizozihitaji, na mradi malipo yapo kwenye akaunti yako ya maombi na risiti imetoka, hakuna kosa. Namna ya kuhakikisha uko kwenye tovuti sahihi ni kuanzia ukurasa wa ubalozi na kufuata kiungo chake kwenda kituoni. Ukianzia kwenye utafutaji wa kawaida, matokeo ya juu yanaweza kuwa matangazo ya mawakala waliovaa rangi na nembo zinazofanana na za serikali.

Kwa hali yako

Ukiwa umewahi kupata viza hii karibuni, una kazi ile ile na alama zako za vidole bado ziko ndani ya miezi 59, nenda kituoni mwenyewe, au ubalozini kama wanapokea. Wakala hana kazi ya kutosha kwako ya kustahili ujira.

Ukiwa mwombaji mpya mwenye mshahara wa kawaida, pakua orodha ya nyaraka, ifuate kwa utaratibu wake, lipa ada mbili na ukatae za hiari isipokuwa ile inayokuokolea nauli. Kama bado una wasiwasi, mlipe mtu kwa saa moja ya kupitia faili ulilokwisha kulipanga. Hiyo ni rahisi kuliko kumwachia lote.

Ukiwa na biashara yako, au umekataliwa mara moja, wakala mwenye uzoefu anaweza kustahili hata ujira unaozidi ada ya viza yenyewe. Nenda na barua ya kukataliwa, kwa sababu sababu imewekewa alama humo. Wakala ambaye hataki kuisoma kabla ya kutaja bei, bei yake haihusiani na tatizo lako.

Ukiwa unasafiri na familia, fanya hesabu ya ada rasmi kwa umri wa kila mtu kabla ya kuingia ofisi ya yeyote. Bei za jumla hupenda kusahau kwamba mtoto wa chini ya miaka 6 hana ada ya viza na kwamba wa 6 hadi 11 analipa nusu.

Ukiwa umebanwa na muda, kumbuka kwamba maombi yanapokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kama tayari umeshavuka hapo, ongea na kituo au ubalozi juu ya sababu ya dharura na ushahidi wake. Ahadi ya mtu wa nje kwamba "nitaisukuma" usiilipie, hata akisema utalipa baada ya viza kutoka. Huyo hucheza bahati nasibu kwa pesa yako: viza ikitoka kwa mkondo wake wa kawaida atadai ni kazi yake, na isipotoka hatapokea simu.

Na mahali popote utakapoamua kulipia, omba karatasi moja kabla ya kutoa pesa: mistari minne au mitano, kila mmoja na jina la anayepokea, na maneno yanayosema kipi kinarudi na kipi hakirudi ukikataliwa. Ada ya viza hairudi, hilo ni sheria. Ujira wa wakala unarudi au haurudi kwa makubaliano yenu, na makubaliano hayo yaandikwe siku ambayo bado anakuita bosi.